Kuchora ala za sauti bila kutazama daftari

Katika makala haya ninaeleza jinsi nilivyogeuza somo moja la fonetiki, lile la ala za sauti, kuwa karatasi tupu za mazoezi ambazo mwanafunzi anaweza kuzichora upya mara nyingi kwa kumbukumbu. Naanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha njia.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa mchoro wa kichwa kilichokatwa kwa upande, wenye mistari 14 isiyo na majina. Niliipa namba kuanzia mdomo wa juu, nikazunguka hadi nyuzi sauti. Wenzangu waliitolea fotokopi, tukaijaza wiki nzima. Siku ya jaribio tulipewa mchoro uliotazama upande wa pili, tena bila namba, na wengi tukapotea. Tulikuwa tumekariri mfuatano wa majina kama wimbo, si mahali pa viungo. Kibaya zaidi, mstari wangu wa kidakatonge ulikuwa umeishia kwenye kimio. Kila aliyeirudia karatasi ile alilirudia kosa langu, na kadiri alivyorudia ndivyo lilivyokaa.

Tangu hapo huanza na karatasi ya majibu, na sichori karatasi tupu kabla ya kuihakiki. Kwa kila jina najiuliza: kiungo hiki kinafanya nini? Kimio ni kinyama kinachoning'inia mwisho wa kaakaa laini. Ukifungua kinywa mbele ya kioo unakiona. Kidakatonge kipo chini, nyuma ya shina la ulimi, nacho hufunika njia ya hewa tunapomeza. Kwenye kioo kwa kawaida hukioni. Watu wengi huyachanganya majina haya mawili, lakini kazi zao hazichanganyiki. Vilevile mstari lazima uingie ndani ya kiungo. Ukiishia karibu nacho tu, msomaji atabahatisha.

Kisha nayapanga maneno ya somo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile visivyosogea: meno ya juu, ufizi, kaakaa gumu na ukuta wa nyuma wa koo. La pili ni vinavyosogea: midomo, ulimi, kaakaa laini pamoja na kimio chake, kidakatonge na nyuzi sauti. Mgawanyo huu ndio unaonipa karatasi tatu.

Karatasi ya kwanza ina mchoro kamili na mistari isiyo na majina. Naitengeneza kwa namna mbili, moja ikitazama kushoto, nyingine kulia, na namba zimechanganywa. Karatasi ya pili ina visivyosogea peke yake. Mwanafunzi anaongeza vinavyosogea kwa sauti aliyopewa. Karatasi ya tatu ni nyeupe kabisa.

Tuchukue karatasi ya pili na sauti mbili: *b* ya "baba" na *m* ya "mama". Katika zote mbili midomo imefungana na nyuzi sauti zinatetemeka. Tofauti ni moja tu. Kwa *b*, kaakaa laini limepanda, limegusa ukuta wa nyuma wa koo, na njia ya puani imezibwa. Kwa *m*, limeshuka na hewa inapita puani. Mwanafunzi anayejua majina yote 14 lakini akachora kaakaa laini sawasawa katika michoro yote miwili, bado hajalielewa somo. Karatasi ya kwanza haiwezi kulifichua hilo. Ya pili hulifichua mara moja.

Kosa lingine la kawaida ni kuchora ulimi kama kijiti chembamba kinachoanzia katikati ya kinywa. Ulimi ni donge kubwa, na shina lake linashuka kooni hadi karibu na kidakatonge. Ukiuchora mfupi, utakosa nafasi ya kuonyesha jinsi nyuma ya ulimi inavyogusa kaakaa laini kwa *k* na *g*.

Nachora kwa biki nyeusi daftari likiwa limefungwa. Nikimaliza, nafungua majibu na kusahihisha kwa biki nyekundu, nikitenga makosa ya jina na makosa ya mahali. Kosa la jina naliandika upya pamoja na kazi ya kiungo. Kosa la mahali nalichora upya lote, si kulifuta kipande. Narudia kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki.

Njia hii ina mpaka wake. Mkato wa upande hauonyeshi nyuzi sauti zikifunguka na kufunga, wala hewa inayopita pembeni mwa ulimi kwa *l*. Kwa hayo mawili inabidi kuchora mkato mwingine: nyuzi sauti zikitazamwa kutoka juu, na ulimi ukitazamwa kutoka mbele.