Mausi inagoma ndani ya gemu

Swali: Nimepokea intaneti kafe hapa Isansa. Daftari la fundi aliyeondoka linasema: "Mashine 3, San Andreas, mausi haigeuzi. Futa gta_sa.set." Je, wateja hawatapoteza hatua walizohifadhi?

Jibu: Hawatapoteza. Faili hilo hutunza mipangilio tu. Hatua za wachezaji zimo kwenye mafaili yanayoanza na GTASAsf, hayo usiyaguse. Funga gemu, ingia Documents, fungua GTA San Andreas User Files, futa gta_sa.set, kisha fungua gemu upya. Litaunda faili jipya, na sauti na vitufe vitarudi vya mwanzo. Kwa kuwa mipangilio itakuwa imeanza upya, hakikisha pia Frame Limiter imewashwa. Ikizimwa, kuogelea huwa kwa kusuasua. Mausi ikigoma hata nje ya gemu, badilisha mausi yenyewe.