Kumwomba msimamizi wa zamani barua ya mapendekezo: somo la kusahihisha kwa kiasi

Tuchukue mfano wa daktari kijana aliyefanya mafunzo kwa vitendo Shinyanga, na ambaye sasa anafanya kazi katika kituo cha afya mkoani Geita. Mnamo Februari 19, 2025 anamletea mwenzake rasimu ya barua pepe, akimwomba aipitie kwa kiasi, yaani arekebishe makosa bila kuiandika upya. Rasimu inasomeka hivi:

«Shikamoo Dokta. Mimi ni yule daktari uliyenisimamia wodi ya wanaume, Shinyanga, kuanzia Novemba 2021 hadi Januari 2022. Sasa nipo Geita. Naomba kusoma Shahada ya Uzamili ya Magonjwa ya Ndani, hivyo naomba uniandikie barua ya mapendekezo. Utanikumbuka kwa yule mchimbaji wa Nyarugusu wa miaka 34, mwenye duara, aliyetumia dawa za kifua kikuu mara mbili bila nafuu. Picha yake ya kifua nimeiambatisha. Wewe ndiye ulitufundisha kumuuliza mgonjwa kazi yake kwanza, na mimi mpaka leo nauliza. Barua hicho kitumwe chuoni kabla ya Ijumaa tarehe 15 Machi 2025. Ahsante sana.»

Makosa ya lugha

Haya ni mawili tu. «Barua hicho kitumwe» iwe «barua hiyo itumwe», na «ndiye ulitufundisha» iwe «ndiye uliyetufundisha». «Shikamoo Dokta» iachwe kama ilivyo, kwa kuwa ndivyo alivyomwita msimamizi wake kazini. Akiibadilisha kuwa salamu ya kiofisi, msomaji hatamtambua.

Tarehe

Machi 15, 2025 ni Jumamosi. Msahihishaji asikisie kama kilichokosewa ni siku au tarehe. Amrudishe mwandishi kwenye tangazo la chuo. Tuseme tangazo linataja Ijumaa, Machi 14. Hapo neno «kabla ya» nalo lina utata, kwani msimamizi anaweza kudhani Ijumaa yenyewe haimo. Sentensi iwe: «Barua hiyo itumwe chuoni isizidi Ijumaa, Machi 14, 2025.» Kwa kuwa barua za namna hii kwa kawaida hutumwa na msimamizi mwenyewe, anwani ya chuo iwekwe papo hapo.

Mgonjwa

Hili ndilo kosa zito, ingawa sarufi yake haina dosari. Jina halikutajwa, lakini katika mji wa machimbo wamiliki wa maduara hufahamika. Umri, mahali, kazi na historia ya matibabu vikiwekwa pamoja, jirani atamtambua mara moja. Picha ya eksirei nayo huwa imeandikwa jina au namba ya jalada. Mgonjwa huyo alikubali kupimwa ili atibiwe. Hakukubali ugonjwa wake umsindikize daktari chuoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kiambatisho kiondolewe, na sentensi iwe: «Huenda unakumbuka mijadala yetu ya wodini kuhusu wachimbaji wanaokohoa kwa muda mrefu.»

Je, ombi limepungua nguvu? La. Uzito wake umo katika maneno «mpaka leo nauliza», ambayo msahihishaji asiyaguse. Vumbi la mwamba linalotoka katika kuchoronga na kusaga mawe huleta silikosisi, ambayo vivuli vyake kwenye eksirei huweza kufanana na vya kifua kikuu. Tena silikosisi yenyewe humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kwa hiyo swali la kazi halichukui nafasi ya kipimo cha makohozi. Linamkumbusha daktari kwamba huenda akakuta ugonjwa mmoja, au mwingine, au yote miwili. Msimamizi anaweza kushuhudia tabia hiyo bila kumtaja mgonjwa yeyote.

Yaliyosahaulika

«Yule daktari» ni wengi kwa msimamizi anayepokea kundi jipya kila mara. Jina kamili na namba ya simu viwekwe mwishoni, na wasifu uambatishwe mahali pa ile picha. Jambo la pili linahitaji ridhaa ya mwandishi, kwa kuwa linaongeza maana: sentensi inayompa msimamizi nafasi ya kukataa. Kwa mfano: «Ikiwa unaona hunifahamu vya kutosha, au huna muda, nitaelewa.» Mtu aliyebanwa huandika barua fupi ya sifa za jumla, ambayo kamati huiona kuwa shaka iliyofichwa. Akikataa mapema, mwombaji bado ana wiki tatu za kumtafuta mwingine.

Hatimaye msahihishaji amrudishie mwandishi rasimu ikiwa na alama katika kila badiliko, naye aisome kwa sauti kabla ya kuituma. Akikuta sentensi ambayo yeye mwenyewe asingeisema mbele ya msimamizi wake, airudishe ilivyokuwa, isipokuwa ile inayomhusu mgonjwa.