Sungura wa Kwanza Nyumbani: Meno Yake Yanadai Nyasi Kavu

Familia inapoletewa sungura kwa mara ya kwanza, swali linaloulizwa kabla ya yote ni apewe chakula gani. Jibu la majirani huwa karoti, sukuma wiki, kipande cha mkate na ugali uliobaki. Sungura hula vyote hivyo kwa hamu, na kwa wiki kadhaa huonekana mzima. Shida huja baada ya miezi, tena ndani ya mdomo, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki.

Somo hili ni la wazazi na watoto wa Garsen, Minjila, Ngao na maeneo ya jirani wanaotaka kufuga sungura mmoja au wawili kwa ajili ya kuwapenda, si kwa biashara ya nyama. Anayefugwa nyumbani anaweza kuishi miaka 8 au zaidi, hivyo ulishaji unaomfaa wa kuchinjwa akiwa na miezi michache hautoshi kwake.

Meno yasiyoacha kukua

Sungura ana meno 28. Yale tunayoyaona ni ya mbele, mawili juu na mawili chini, na nyuma ya yale ya juu yamejificha mengine mawili madogo kama vijiti. Meno hayo madogo ni sababu mojawapo iliyowafanya wataalamu wamtoe sungura katika kundi la panya. Yaliyobaki 22 ni magego, nayo yako ndani kabisa, mashavuni.

Meno yote hayo hukua maisha yote ya mnyama. Ya mbele hurefuka kwa takriban milimita 2 kila wiki, yaani karibu sentimita 10 kwa mwaka. Magego hukua polepole zaidi, lakini hayasimami. Kama hakuna kinachoyasaga, yatarefuka hadi mdomo usifungike vizuri.

Watu wengi husema basi mpe kipande cha mti atafune. Mti hausaidii sana. Sungura huutafuna kwa meno ya mbele tu, na meno ya mbele si ndiyo yanayoleta taabu kubwa. Taabu iko kwenye magego, na magego hayasagwi na kitu kigumu. Husagwa na kutafuna kwa muda mrefu.

Mtazame sungura anapokula unyasi. Huukata kwa meno ya mbele, kisha huuvuta ndani na taya la chini huanza kwenda upande, kushoto au kulia, zaidi ya mara mia moja kwa dakika. Unyasi una nyuzi ndefu, na ndani yake mna chembechembe za silika, ambayo ndiyo mali ya mchanga. Kila taya linapopita upande, gego la juu husuguana na la chini kama jiwe la kunolea kisu. Punje ya mahindi au kipande cha karoti hufanya kazi tofauti: taya hushuka na kupanda, chakula huvunjika, na kwa dakika chache amemaliza na kushiba. Meno hayakusagwa, na siku imepita.

Gego lisiposagwa huota ncha kali pembeni. Ncha za juu huchoma shavu, za chini huchoma ulimi. Mizizi nayo husukumwa nyuma ndani ya mfupa wa taya, na ile ya juu hubana mfereji wa machozi. Ndiyo maana ugonjwa wa meno wa sungura mara nyingi huanza kuonekana jichoni.

Tuchukue mfano

Tuseme sungura jike wa kilo 2 analishwa mkate asubuhi, sukuma wiki mchana na mahindi jioni. Mwezi wa tatu mtoto anaona sungura analikimbilia bakuli, anachukua kipande, kisha anakiangusha. Anataka kula lakini mdomo unauma. Wiki inayofuata anaacha vitu vigumu na kuchagua majani laini. Kidevu kina unyevunyevu wa mate, jicho moja linatoa machozi, na kinyesi chake ambacho kilikuwa duara kubwa kama punje ya njugu mawe kimekuwa kidogo na kichache. Akipimwa kwenye mizani ya duka ana kilo 1.7.

Gramu 300 zinaonekana kidogo, lakini kwa mnyama wa kilo 2 ni sehemu kubwa ya mwili. Familia iliyokuwa ikimpima kila Jumamosi ingeshtuka alipofika kilo 1.9, kabla ya jicho kuanza kutoa machozi. Kwa hiyo mizani ni bora kuliko kumkazia macho, kwa sababu manyoya huficha mifupa. Pamoja na kumpima, inua mdomo wa juu taratibu utazame meno ya mbele: yawe yamenyooka, ya juu yakiwa mbele kidogo ya yale ya chini. Magego huwezi kuyaona bila chombo cha daktari, hivyo uzani, kidevu na kinyesi ndivyo vitakavyokusemea.

Usimkate meno kwa koleo wala kikata kucha, hata kama jirani anasema amefanya hivyo. Jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi na usaha huingia. Daktari wa mifugo hulisaga kwa kifaa maalumu, na kwa magego humlaza sungura kwa dawa kwanza.

Kipimo cha kila siku

Nyasi kavu ziwepo mbele yake usiku na mchana bila kuisha. Kama kipimo, fungu la kila siku liwe kubwa kama mwili wake mwenyewe. Sungura wa kilo 2 hula takriban gramu 100 za nyasi kavu kwa siku, na nyingine huzikanyaga. Ukihesabu gramu 150 pamoja na zinazopotea, robota la kilo 15 litamtosha kwa zaidi ya miezi mitatu. Ni robota lile lile wanalonunuliwa ng'ombe wakati wa kiangazi, mradi ni la nyasi na si mabua.

Mabua ya mpunga yanapatikana kwa urahisi katika delta, na wengi wangependa kuyatumia. Yafanyeni matandiko. Akiyatafuna hayamdhuru, lakini hayana lishe ya kumtunza, hivyo yasiwe chakula chake kikuu.

Unaweza pia kukausha nyasi zako baada ya mvua za masika. Zikate zinapoanza tu kutoa maua, kwa sababu zikikomaa zaidi hubaki vijiti vitupu. Zitandaze nyembamba na uzigeuze kila siku. Ukizungusha shina likavunjika badala ya kupinda, zimekauka. Zihifadhi juu ya vichanja, mbali na sakafu. Nyasi zenye ukungu, vumbi jeupe au harufu ya uvundo zitupwe, hata kama njaa ni kali, kwani utumbo wa sungura hauzimudu na sungura hawezi kutapika.

Juu ya nyasi ongeza majani mabichi, konzi moja au mbili kwa siku: majani ya viazi vitamu, majani ya karoti, mchicha au sukuma wiki kidogo, ukibadilisha badilisha. Majani mageni yaanze kwa kipande kimoja, na mabadiliko yoyote yachukue wiki moja hadi siku kumi. Peleti za agroveti ni nyongeza tu: kwa sungura mkubwa wa kilo 2, vijiko vichache vya chakula kwa siku vinatosha. Karoti, ndizi na embe zina sukari nyingi, kwa hivyo msimu wa maembe usimgeuze sungura kuwa pipa la maganda. Kipande kama kidole gumba, mara mbili kwa wiki, basi. Asipewe kamwe mkate, ugali, mahindi, maharagwe mabichi, vitunguu, parachichi, wala majani ya nyanya na viazi mviringo.

Usishangae ukimwona akiinama na kula kinyesi laini kinachong'aa kama zabibu ndogo zilizoshikana. Chakula chake huchachushwa ndani ya utumbo, kisha hukipitisha mdomoni mara ya pili ili apate vitamini. Ukikiona kimelala sakafuni bila kuliwa, mara nyingi ni dalili kuwa amepewa vitamu au peleti nyingi mno.

Nyumba inayofaa joto letu

Sungura wa kufugwa asili yake ni Uhispania na nchi jirani, ambako mababu zake waliishi mashimoni ardhini, kwenye ubaridi. Huyu wa hadithi zetu anayemdanganya fisi ni wa porini, ni mnyama mwingine, na hafugwi. Wa kufugwa hatoi jasho. Hupoza mwili kwa masikio, na joto likipita digrii 30 huanza kutaabika. Hapa Garsen tunazipita digrii hizo siku nyingi.

Kwa hiyo paa liwe la makuti, si mabati matupu, na banda liwe chini ya mwembe au kivuli kingine cha kudumu. Ubavu wa magharibi uzibwe ili jua la alasiri lisiingie, na pande nyingine ziachwe wazi kwa wavu wa waya imara ili upepo upite. Banda la sungura mmoja au wawili liwe angalau futi 6 kwa urefu, futi 2 kwa upana na futi 2 kwenda juu, ili aruke mara tatu na asimame wima bila kugonga masikio. Akiweza kutolewa uani saa chache jioni chini ya uangalizi, ni vizuri zaidi.

Sakafu isiwe ya waya mtupu, kwani nyayo zake hazina gamba kama za paka, na waya huzitia vidonda. Weka ubao au jamvi la majani ya mkoma, na matandiko juu yake. Akilitafuna jamvi hakuna hasara. Banda liinuliwe mita moja kutoka ardhini kwa ajili ya mafuriko na nyoka, na miguu yake iwekwe ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya injini ili siafu wasipande.

Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo, yabadilishwe asubuhi na jioni. Siku ya joto sungura wa kilo 2 anaweza kunywa mililita 300 au zaidi, na asipokunywa hawezi kula nyasi kavu. Ukimkuta amejinyoosha, anahema haraka na pua imelowa, mhamishe kivulini na umpanguse masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Usimtumbukize ndani ya maji baridi.

Sungura asipokula wala kutoa kinyesi kwa saa 12, usingoje hadi kesho. Utumbo wake ukisimama hufa haraka kuliko mbuzi au ng'ombe mwenye ugonjwa kama huo. Mtafute daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa wadi siku hiyo hiyo, na umweleze mambo matatu: alikula nini wiki nzima, uzani wake wa mwisho, na kinyesi chake kilikuwaje.