Mizani mbili za pamba, ipi inayumba?

Tuseme kituo cha kununulia pamba Mkula, wilayani Busega, kina mizani mbili za kidijitali, na wakulima wamegawanyika: wengine hupanga foleni kwenye ya kwanza tu, wakisema ya pili inayumba. Kuyumba si kuiba. Mizani inayoiba hupunguza kila mara, na wastani wa vipimo vyake utaifichua. Inayoyumba inaweza kuwa na wastani sahihi kabisa, huku mzigo uleule ukisoma juu sasa hivi na chini dakika moja baadaye. Kipimo cha kuyumba huko huitwa variansi.

Chukua jiwe la mizani la kilo 20, ulipime mara kumi kwenye kila mizani, ukilishusha kabisa kila mara kabla ya kulipandisha tena. Andika gramu zilizozidi au kupungua. Namba hizi ni za mfano:

Mizani ya kwanza: 10, −20, 0, 30, −10, 20, −30, 0, 10, −10
Mizani ya pili: 50, −40, 20, −60, 10, 30, −20, −50, 60, 0

Wastani wa kila safu ni sifuri, kwa hiyo kwa wastani hakuna mizani inayomdhulumu mtu. Sasa zidisha kila namba kwa yenyewe, kisha jumlisha. Ya kwanza inatoa 3,000 na ya pili 15,600. (Wastani usipokuwa sifuri, uutoe kwanza katika kila namba.) Gawanya kwa 9, yaani vipimo kumi kutoa kimoja, hiyo 9 ndiyo digrii za uhuru. Variansi ni 333 kwa ya kwanza na 1,733 kwa ya pili.

Lakini vipimo kumi ni vichache, na kesho vitatoa namba nyingine. Ndipo tunapohitaji mipaka ya uhakika, na hapo tunafungua jedwali la kai-mraba. Kwenye mstari wa 9, kwa uhakika wa asilimia 95, soma namba mbili: 19.023, inayoacha asilimia 2.5 upande wa kulia, na 2.700, inayoacha asilimia 97.5 upande huo. Angalia kichwa cha jedwali kwanza, maana mengine huhesabu eneo la kushoto, na ukichanganya utapata mpaka wa chini ulio mkubwa kuliko wa juu. Kosa hilo hujitangaza lenyewe.

Gawanya jumla ya miraba kwa kila namba. Kwa mizani ya kwanza, 3,000 ÷ 19.023 ni 158, na 3,000 ÷ 2.700 ni 1,111. Kwa ya pili, mipaka ni 820 na 5,778. Tazama jinsi mipaka isivyolingana pande mbili: kutoka 333 kushuka hadi 158 ni hatua fupi, kupanda hadi 1,111 ni safari. Ndivyo kai-mraba ilivyo, imeinama upande mmoja.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mipaka ya mizani hizi imepandana kati ya 820 na 1,111, na mtu ataharakisha kusema hakuna tofauti. Sivyo. Kupandana kwa mipaka hakutoshi kukata shauri; swali la kulinganisha lina jaribio lake, jaribio la F. Gawanya variansi kubwa kwa ndogo: 15,600 ÷ 3,000 ni 5.2, kwa kuwa digrii za uhuru ni sawa. Kwa kuwa hatukuamua kabla ya kupima ni ipi itakayoyumba zaidi, fungua jedwali la F la asilimia 2.5, si la 5, safu ya 9 na mstari wa 9: utakuta 4.03. Yetu imeizidi. Wakulima wana haki, mizani ya pili inayumba zaidi. Zaidi kiasi gani? 5.2 ÷ 4.03 ni 1.29, na 5.2 × 4.03 ni karibu 21. Variansi yake, basi, ni kati ya mara 1.29 na mara 21 ya mwenzake, na upana huo ndio bei ya vipimo kumi tu.

Hesabu hizi zote zinadai kwamba vipimo vimetawanyika kwa umbo la kengele, na haziko tayari kusamehe. Badilisha kipimo kimoja tu cha mizani ya kwanza, ile 30 iwe 130 kwa sababu upepo umeipiga. Variansi inaruka kutoka 333 hadi 2,000, na mizani iliyokuwa tulivu inaonekana mbovu kuliko ya pili. Chora kila namba kwa nukta kwenye mstari kabla ya kushika jedwali. Nukta iliyojitenga utaiona mara moja. Usiifute kimyakimya: tafuta ilitokana na nini, funga mlango unaoingiza upepo, kisha rudia vipimo vyote kumi.