Miwani ya Mtoto Mdogo: Namna ya Kumzoesha, na kwa Nini Saa za Kuivaa Ndizo Zinazoamua Matokeo

Mzazi anayekabidhiwa miwani ya mtoto wa miaka miwili huanza kuhesabu gharama papo hapo, lakini gharama kubwa zaidi huja pale miwani hiyo inapobaki kabatini. Somo hili linahusu mtoto ambaye jicho lake moja lina kasoro kubwa kuliko jingine. Hali hii huwapotosha wazazi kwa urahisi, kwa sababu mtoto hukimbia, huokota punje ya mchele sakafuni na kutambua nyuso za watu bila shida. Jicho lake zima linafanya kazi ya yote mawili.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka miwili na nusu aliyepimwa baada ya kutiwa matone ya kulegeza misuli ya macho. Karatasi ya vipimo inaonyesha +5.00 kwa jicho la kulia na +1.50 kwa la kushoto. Jicho la kulia halijawahi kupeleka picha safi kwenye ubongo, na ubongo umeanza kulipuuza. Hali hiyo huitwa jicho zembe. Jicho lenyewe halina kidonda. Kilichopungua ni mazoea ya ubongo kulisikiliza. Uwezo wa ubongo wa kujifunza kuona ni mkubwa katika miaka ya kwanza ya uhai, na hupungua kadiri mtoto anavyokaribia miaka saba au minane. Baadaye miwani hiyohiyo inaweza kuweka picha safi ndani ya jicho, na bado mtoto asione vizuri.

Kwa hiyo miwani ni tiba, na kipimo cha tiba hii ni saa. Isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo, mtoto huivaa muda wote akiwa macho, na huivua anapolala na anapooga. Mtoto anayeivaa saa tatu tu kati ya kumi na mbili anaurudisha ubongo kwenye mazoea ya zamani kwa saa tisa zilizobaki. Uoni unaweza kuendelea kuimarika kwa miwani pekee kwa takriban wiki 18 au zaidi. Katika utafiti mmoja wa watoto wa miaka mitatu hadi sita wenye tatizo hili, takriban mmoja kati ya wanne alipona kabisa kwa miwani bila tiba nyingine. Wengi wa waliobaki walipata nafuu, ingawa walihitaji kuendelea na tiba, kama vile kuzibwa jicho zima kwa saa kadhaa kwa siku. Mtaalamu akikuta hakuna maendeleo na hakuambiwa kwamba miwani haikuvaliwa, atadhani miwani imeshindwa, na mtoto ataanza kuzibwa jicho kabla ya wakati wake.

Kabla ya kumlaumu mtoto anayevua miwani, ichunguze miwani yenyewe. Pua ya mtoto mdogo ni fupi na bapa, na fremu ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa haimfai. Fremu ikiteremka, mtoto huchungulia juu ya lenzi, na hapo ni sawa na kutovaa. Mtazame kwa mbele akiwa ametulia: mboni iwe karibu na katikati ya lenzi. Kope zisiguse kioo, mashavu yasiisukume fremu anapocheka, na mikono ya miwani isibane kichwa. Alama nyekundu puani au nyuma ya sikio isiyofifia muda mfupi baada ya kuvua ni dalili ya kubana. Chagua fremu laini ya plastiki au silikoni yenye mkanda wa nyuma unaorekebishika, na uombe lenzi za polikaboneti, ambazo hazivunjiki kwa urahisi mtoto anapoanguka. Kabla ya kulipa, uliza kama bei inajumuisha kurudishwa dukani kwa marekebisho, na jibu hilo liandikwe kwenye risiti. Mtoto hukua, na fremu iliyomkaa vizuri leo inaweza kubana baada ya miezi michache.

Kosa jingine ni lenzi kubadilishana pande. Mzazi wa mtoto wetu anaweza kuligundua akiwa nyumbani. Weka gazeti mezani, shika miwani juu ya maandishi kwa kimo cha upana wa kiganja, mikono ya miwani ikielekea kwako kana kwamba unataka kuivaa. Lenzi iliyo upande wako wa kulia ndiyo ya jicho la kulia la mtoto, nayo yenye +5.00 inapaswa kukuza herufi waziwazi kuliko ya kushoto. Ikiwa ya kushoto ndiyo inayokuza zaidi, irudishe dukani pamoja na karatasi ya vipimo. Jaribio hili halithibitishi namba kamili. Duka lina kifaa cha kuipima lenzi, nawe una haki ya kuomba ipimwe mbele yako.

Miwani ikiwa sahihi, kazi inayobaki ni ya nyumbani. Mvalishe kwa mikono miwili, kutoka mbele, jambo la kupendeza likiwa tayari limeanza: uji uko mezani, au kitabu cha picha kimefunguliwa. Ukimvalisha kwanza kisha ukaenda kutafuta kijiko, mikono yake haina kazi ila kuivua. Akiivua, mrudishie kwa utulivu bila kelele wala kicheko, kwa kuwa vyote viwili humfundisha kwamba kuvua miwani ni mchezo wa kumvuta mama. Akiivua mara tatu mfululizo, iweke pembeni kwa dakika kumi, kisha uanze tena kwa shughuli nyingine. Siku ya kwanza huenda zikapatikana dakika ishirini wakati wa chai ya asubuhi. Ongeza kila siku, ukilenga siku nzima ndani ya wiki mbili hivi. Wapo watoto wanaohitaji muda zaidi.

Mtoto mwenye namba kubwa ya kujumlisha anaweza kukataa kwa sababu nyingine. Misuli ya macho yake imezoea kujikaza, na kwa siku za mwanzo lenzi humfanya aone ukungu kwa mbali. Kwa kawaida hali hii huisha kadiri anavyoendelea kuvaa. Isipoisha, daktari anaweza kuagiza matone ya atropini kwa siku chache ili misuli ilegee. Matone hayo ni sumu yakimezwa, hivyo yasitumiwe bila maelekezo ya daktari na yawekwe mbali na watoto.

Bibi, dada wa kazi na mwalimu wa chekechea wapewe agizo moja. Katika nyumba nyingi yupo mtu mzima anayeivua kwa huruma, akiamini kwamba miwani hudhoofisha macho. Mweleze kwamba miwani haimdhoofishi mtoto, ila jicho likiachwa bila picha safi ndipo linapozidi kusahauliwa.

Tundika daftari dogo jikoni na kila mlezi aandike saa alizovaa mtoto, hata zikiwa mbili tu. Lipeleke kliniki siku ya marudio pamoja na miwani yenyewe. Ukiona jicho limeanza kupinda, au mboni inang'aa nyeupe katika picha, usisubiri siku hiyo. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho mara moja.