Kokotoa Saruji ya Nguzo za Mviringo Kabla ya Kununua

Kamati ya ujenzi inapopokea makadirio ya fundi, inaweza kuyahakiki yenyewe. Tuchukue mfano wa baraza la zahanati lenye nguzo sita za mviringo, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha mita 3.

Kwanza, gawa kipenyo kwa mbili ili upate nusukipenyo, yaani mita 0.15. Zidisha 0.15 kwa 0.15, kisha kwa 3.14, kisha kwa kimo. Jibu ni mita za ujazo 0.212 za zege kwa nguzo moja, na 1.27 kwa nguzo zote sita.

Vifaa vikavu hupungua ujazo vinapochanganywa na maji na kushindiliwa. Kwa hiyo zidisha 0.212 kwa 1.54, upate 0.326. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, jumla ya sehemu ni 5.5. Gawa 0.326 kwa 5.5 upate 0.059, ambao ni ujazo wa saruji. Mfuko wa kilo 50 una takribani mita za ujazo 0.035, hivyo nguzo moja huhitaji mifuko 1.7, na nguzo sita mifuko 10.2. Nunueni 11.

Makadirio yakidai mifuko 41, yaelekea kipenyo kizima kimetumika mahali pa nusukipenyo, kosa linaloongeza hesabu mara nne. Yakidai mifuko 6, ulizeni uwiano wa mchanganyiko, kwani nguzo zitakuwa dhaifu.