Soma risiti yako: kutuma riali 60 kumekugharimu kiasi gani hasa?

Swali tunaloulizwa sana ni hili: "Duka fulani wanatuma bila ada, lingine wanakata riali moja na nusu, nitumie lipi?" Jibu haliko kwenye ada peke yake. Liko kwenye karatasi ile ile unayoikunja na kuitia kwenye pochi bila kuisoma. Leo tutaichukua risiti moja na kuisoma mstari kwa mstari.

Tuseme dada anafanya kazi za ndani Seeb, Maskati, na anamtumia mama yake aliyeko Korogwe. Ameenda duka la kubadilisha fedha, risiti yake inasoma hivi:

```
Amount           OMR 60.000
Charges          OMR  1.500
VAT 5%           OMR  0.075
Total            OMR 61.575
Exchange Rate    6,320
Payout           TZS 379,200
```

Namba hizi ni za mfano, zako zitakuwa tofauti, ila mistari ni hiyo hiyo. Kwanza zile nukta. Hapo penye 1.500 si elfu moja na mia tano, ni riali moja na baisa 500. Riali ya Oman ina baisa 1,000, ndiyo maana baada ya nukta kuna tarakimu tatu. Na ile VAT ya asilimia 5 inakatwa kwenye ada tu, haikatwi kwenye hela unayotuma. Ukiona imepigwa juu ya riali 60 zote, simama hapo hapo uulize.

Watu wengi wakifika kwenye ada wanasema, "Basi, imenigharimu riali 1 na baisa 575." Hapo wameona nusu tu. Nusu nyingine imejificha kwenye mstari wa Exchange Rate, yaani kiwango ambacho duka limebadilishia riali zako kuwa shilingi. Duka halikuuzii shilingi kwa bei ya soko. Linaweka faida yake ndani ya kiwango, na faida hiyo haina mstari wake kwenye risiti.

Sasa utajuaje bei ya soko? Kwa mlioko Oman kuna njia rahisi. Riali imefungwa kwenye dola tangu 1986: riali 1 ni takriban dola 2.60, leo na kesho. Kwa hiyo unahitaji kujua kitu kimoja tu, dola ni shilingi ngapi siku hiyo. Fungua tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, bot.go.tz, kwenye viwango vya fedha za kigeni, utaona safu tatu: Buying, Selling na Mean. Chukua ile ya Mean, ambayo ni katikati ya bei ya kununua na ya kuuza. Zidisha kwa 2.6. Tuseme siku hiyo dola ni shilingi 2,500. Basi riali 1 ni shilingi 6,500.

Aliyeko Saudia ataigawa bei ya dola kwa 3.75, wa Imarati kwa 3.67, wa Katari kwa 3.64, maana fedha zao nazo zimefungwa kwenye dola. Wakenya mtafanya vivyo hivyo kwa bei ya dola ya Benki Kuu ya Kenya. Mlioko Uingereza hesabu hii ya mkato haiwafai, kwa sababu pauni inapanda na kushuka kila siku, hivyo tafuteni moja kwa moja kiwango cha pauni cha siku hiyo.

Turudi kwa dada yetu. Soko linasema 6,500, duka limempa 6,320. Tofauti ni shilingi 180 kwa kila riali. Zidisha kwa riali 60: shilingi 10,800. Kwa riali ni kama 1 na baisa 660. Umeona? Kiwango kimemkata zaidi ya ada. Ukijumlisha vyote viwili, kutuma riali 60 kumemgharimu karibu riali 3 na baisa 240, sawa na asilimia 5.4 ya alichotuma. Umoja wa Mataifa ulijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 gharama hii iwe chini ya asilimia 3, basi pima mwenyewe tupo umbali gani.

Tuseme ukweli pia: hakuna duka litakalokupa kiwango cha Mean chenyewe. Wana kodi ya pango na mishahara, lazima wapate chochote. Kinachotofautiana ni ukubwa wa wanachochukua.

Kama hesabu hizo ni ndefu kwa mtu anayetoka saiti saa moja usiku, ipo moja fupi ambayo sisi tunaiona ndiyo bora. Chukua shilingi zitakazofika, gawanya kwa riali zote zilizotoka mfukoni mwako. Basi. Hapa ni 379,200 gawanya kwa 61.575, unapata 6,158. Hicho ndicho kiwango chako cha kweli, ada na kodi zikiwa ndani. Kile cha 6,320 kilichoandikwa kwa herufi kubwa ubaoni si chako.

Kwa hesabu hiyo sasa tunaweza kulijibu lile swali. Duka la pili limeandika bila ada, kiwango chake 6,080. Dada akienda na riali zake zote 61.575, mama atapata shilingi 374,376. Duka la kwanza, lenye ada, lilimpa 379,200. Kwa hiyo "bila ada" imempunja shilingi 4,824, na wala hakuna aliyemdanganya, kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi.

Lakini usikimbilie kusema la kwanza ndilo zuri siku zote. Tuseme mwezi huu mambo ni magumu, ana riali 21.575 tu. Duka la kwanza litakata ile ile 1.575, zinabaki 20, na mama anapata shilingi 126,400. Duka la bila ada litampa 131,176. Sasa limegeuka kuwa la nafuu! Sababu ni kwamba ada haibadiliki, utume kidogo au kingi, wakati kiwango kibovu kinakata kila riali. Kwa maduka haya mawili mahali pa kugeukia ni kama riali 41 na nusu mfukoni. Chini ya hapo nenda bila ada, juu ya hapo lipa ada upate kiwango kizuri. Maduka yako yatakuwa na mpaka wao, nawe utaujua kwa kugawanya tu.

Hapo hapo utaona hasara ya kutuma vipande vipande. Riali 60 kwa mara moja, ada na kodi ni 1.575. Ukituma 20 mara tatu ndani ya mwezi ni 4.725. Tofauti ni riali 3 na baisa 150, karibu shilingi elfu ishirini kwa Korogwe. Tunajua si rahisi, nyumbani wanapiga simu, leo unga, kesho dawa. Lakini kama ni matumizi ya kawaida, kubaliana na nyumbani tarehe moja.

Kuna risiti nyingine inayowachanganya watu, hasa wanaotuma kwenye akaunti ya benki. Unaangalia mstari wa mwisho, hakuna TZS, kuna USD. Maana yake riali zimegeuzwa dola huku, halafu benki ya Tanzania itazigeuza shilingi kwa bei yake ya kununua dola. Hela inabadilishwa mara mbili na kila mmoja anachukua chake. Zaidi ya hapo, benki ya katikati inaweza kukata njiani. Tafuta herufi tatu kwenye fomu: OUR maana yake makato yote unayalipa wewe, BEN anayalipa mpokeaji, SHA mnagawana. Risiti ya namna hiyo haiwezi kukuambia gharama kamili siku unayolipa. Subiri meseji ya benki ya mama, uone shilingi zilizoingia, ndipo ugawanye. Na kama mama anapokea kwenye simu, kuna makato ya kutoa kwa wakala ambayo hayapo kabisa kwenye risiti yako. Muulize ameshika ngapi mkononi, tumia hiyo.

Tumalizie na siku ya kufika, maana nayo ina bei. Ukituma kwenye simu au mpokeaji achukue dirishani, mara nyingi ni dakika au saa chache. Kwa benki angalia kama imeandikwa Expected au Estimated, maneno yote mawili ni makadirio, siyo ahadi, na "siku 2 za kazi" zinahesabiwa kwa nchi zote mbili. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, Tanzania Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo nchi zote zipo kazini ni Jumatatu hadi Alhamisi tu. Ukituma Alhamisi jioni kwa benki, usitegemee chochote kabla ya Jumatatu, na hizo siku mbili zinaweza kukufikisha Jumanne au Jumatano. Kama ada ya shule mwisho ni Jumatatu na mama analazimika kukopa kwa riba, riba hiyo iweke kwenye gharama ya kutuma. Huenda njia ya haraka yenye ada kubwa ikawa rahisi kuliko ile.

Kinachochelewesha zaidi ya wikendi ni jina. Kwenye risiti liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA cha mpokeaji, herufi kwa herufi, siyo "Mama Fulani" kama mnavyoitana nyumbani. Lisome kabla ya kuondoka dirishani, kwa sababu hapo linarekebishwa kwa dakika moja, na baadaye unaweza kurudishwa na fomu na kulipa ada ya kubadilisha.

Na mkiwa bado dirishani, kabla hujatoa hela, uliza hivi: "Nikikupa riali 60 tu, kila kitu kikiwa ndani, nyumbani watapata shilingi ngapi?" Waandike kwenye karatasi. Nenda duka la jirani uulize hivyo hivyo.